"Nitumie bei ya mabati": dhana potofu kuhusu ombi la bei

"Habari, naomba bei ya mabati 200 ya mita 3. Asante." Wateja wangu hutuma barua pepe kama hii kwa wauzaji watatu, kisha huniletea majibu niwaambie nani nafuu. Kwa majibu hayo, hakuna anayeweza kujua.

Dhana: Muuzaji anaijua bidhaa yake, maelezo mengi yatamfanya apandishe bei tu.

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Ukiacha pengo kwenye ombi, kila muuzaji hulijaza kwa namna itakayoifanya bei yake ionekane ndogo. Wala hajakuibia, ni wewe hukumwambia unachotaka.

Tuchukue shule ya binafsi mjini Voi inayoezeka madarasa. Muuzaji wa kwanza anajibu shilingi 1,400 kwa bati, wa pili 1,780, na wa tatu 650 kwa mita. Mwalimu mkuu anamkimbilia wa kwanza, maana kwa macho tu anaokoa shilingi 76,000 akimlinganisha na wa pili. Lakini ile 1,400 ni kabla ya VAT, na mzigo unachukuliwa ghalani Mombasa. Mabati 200 ni 280,000. Ongeza VAT ya asilimia 16, yaani 44,800, kisha lori la kufika Voi kwa 35,000, unapata 359,800. Ile 1,780 ina VAT na usafiri ndani yake: jumla 356,000. Aliyeonekana ghali ndiye nafuu, na hapo bado hatujagusa unene. Wa kwanza alikuwa anauza geji 30, wa pili geji 28, ambayo ni nene zaidi (kwenye geji, namba ikipanda bati linapungua). Wa tatu, kwa mita 600, anafika 390,000 na hakusema geji wala kama VAT imo.

Hata geji peke yake mimi siiamini. Mabati mawili yanayoitwa geji 30 yanaweza kutofautiana unene, na muuzaji mwingine hupima pamoja na rangi. Andika milimita, useme ni unene wa chuma kabla ya rangi. Mzigo ukifika, kipimo cha mikrometa kinamaliza ubishi, ila kumbuka kwamba kinasoma chuma pamoja na rangi, hivyo kwangua rangi pande zote mbili kwenye kona ya bati moja kabla ya kupima.

Ombi lenyewe halihitaji kuwa refu:

> Tunaomba bei ya mabati ya mawimbi, yaliyopakwa rangi ya kijani, chuma unene wa milimita 0.4 kabla ya rangi, urefu mita 3, idadi 200. Taja upana unaofunika baada ya kupishana. Bei iwe kwa bati moja, ikionyesha VAT kando, pamoja na usafiri na kushusha mzigo shuleni kwetu Voi. Taja siku za kuleta mzigo na masharti ya malipo. Bei idumu siku 30 kuanzia tarehe 14. Majibu yatufikie kabla ya saa kumi jioni, tarehe 14. Ombi hili si oda.

Upana huo nimeutaja makusudi. Bati linalofunika kidogo hukulazimisha kununua mengi zaidi kwa paa lilelile, kwa hiyo gawanya bei kwa mita za mraba zinazofunikwa kabla ya kulinganisha.

Dhana: Muda wa bei kudumu ni urembo wa mwisho wa barua.

Bodi ya shule hukutana lini? Kama ni wiki tatu zijazo, bei ya siku saba imeshakufa kabla hawajaketi, na muuzaji ana haki ya kukupa nyingine. Wote wapewe tarehe moja ya kuanzia kuhesabu. Ukisema tu "siku 30", mmoja atahesabu tangu alipoandika na mwingine tangu ulipopokea. Usiombe miezi sita pia, kwa sababu muuzaji ataweka juu ya bei hofu yake ya chuma kupanda.

Dhana: Waweke wote kwenye CC, wakionana watashindana.

Watapigiana simu. Wauzaji wa mabati wa mji mmoja wanajuana vizuri kuliko unavyowajua wewe. Tumia BCC, au bora zaidi, mtumie kila mmoja barua yake yenye maneno yaleyale.

Dhana: Aliyeuliza swali ndiye wa kujibiwa.

Mmoja akiuliza kama misumari imo, jibu liende kwa wote siku hiyohiyo, bila kumtaja aliyeuliza. Usipofanya hivyo, mmoja ataweka misumari na wawili wataiacha, nawe umerudi kwenye hesabu ya Voi.