Chanjo iliyokinga kwa asilimia 31: maswali kuhusu takwimu za makala moja ya VVU

Daktari, mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii hapa Pumwani. Vijana wawili walinionyesha habari ya zamani kwamba kuna chanjo ya VVU iliyopunguza maambukizi kwa asilimia 31. Nikatafuta makala yenyewe, nikakwama kwenye sehemu ya takwimu. Nianzie wapi?

Weka asilimia kando kwanza, dada yangu, uhesabu watu. Jaribio hilo linaitwa RV144. Lilifanyika Thailand, katika mikoa ya Rayong na Chon Buri, na makala yake ilitoka Oktoba 2009 katika New England Journal of Medicine. Watu 16,402 waligawanywa kwa bahati nasibu: 8,202 wadungwe chanjo, na 8,200 wadungwe sindano tupu ambayo watafiti huiita plasebo. Wakafuatiliwa kwa takriban miaka mitatu na nusu.

Sasa tazama kwamba makala hiyo ina majibu matatu. Ukihesabu kila aliyegawanywa, walioambukizwa ni 56 upande wa chanjo na 76 upande wa plasebo, yaani kinga ya asilimia 26, na p, kipimo cha bahati nitakachokueleza baadaye, ni 0.08. Ukiwaondoa watu 7 ambao damu yao ya mwanzo ilionyesha kuwa walikuwa wameshaambukizwa, unabaki na 51 kwa 74. Hapo kinga inakuwa asilimia 31 na p inashuka hadi 0.04. Ukiwabakiza tu waliodungwa sindano zote kwa ratiba, watu 12,542, unapata 36 kwa 50. Kinga inarudi asilimia 26, na p inapanda hadi 0.16.

Habari waliyoiona vijana wako ni ile ya katikati. Chunguza hao 7 walioondolewa: 5 walikuwa kundi la chanjo, 2 kundi la plasebo. Kuondoka kwao kulipanua pengo kati ya makundi kutoka watu 20 hadi 23. Watu watatu, katika jaribio la watu zaidi ya elfu kumi na sita, ndio walioivusha p chini ya 0.05. Kwa hiyo mahali pa kuanzia katika sehemu ya takwimu ni ile sentensi inayosema nani amehesabiwa na nani ameachwa. Mara nyingi ni sentensi moja fupi, na wasomaji wengi huiruka.

Basi walichagua hesabu iliyowapendeza? Huo si udanganyifu?

Si udanganyifu, na ni muhimu uwatendee haki. Sababu ya kuwaondoa hao 7 ina mantiki: aliyeambukizwa kabla ya sindano ya kwanza hawezi tena kukingwa na chanjo. Tena damu iliyotumika kuwatambua ilichukuliwa kabla hawajadungwa chochote, hivyo chanjo haikuweza kuathiri nani aondolewe.

Hesabu ya waliomaliza ratiba ndiyo yenye dhana iliyojificha zaidi. Inachukulia kwamba waliohudhuria kila miadi katika kundi moja wanafanana na waliohudhuria katika kundi lingine. Bahati nasibu ilihakikisha makundi yanafanana siku ya kwanza tu. Baada ya hapo, anayerudi kliniki kila mara huenda ni mtu mwangalifu zaidi katika mambo yake mengine pia, na anayeacha huenda ameacha kwa sababu sindano imemsumbua. Ukiwachuja watu kwa jambo lililotokea baada ya mgawanyo, hujui tena kama unalinganisha chanjo au unalinganisha tabia.

Kinachostahili kulaumiwa ni namna habari ilivyotolewa. Matokeo yalitangazwa hadharani Septemba 2009, karibu mwezi mmoja kabla ya makala kuchapishwa, na kilichotangazwa ni hesabu moja tu, ile ya asilimia 31. Hizo mbili nyingine zilikuja kujulikana kwa wengi baadaye. Takwimu haikuwa ya uongo, lakini aliyeisikia peke yake alipata picha imara kuliko ilivyokuwa. Na jambo jingine: jaribio lilikuwa na malengo makuu mawili. La pili lilikuwa kuona kama waliochanjwa kisha wakaambukizwa wangekuwa na virusi vichache zaidi katika damu. Hawakuwa navyo vichache. Je, habari waliyokuonyesha vijana ilitaja hilo?

Ninawezaje kujua kama kuna kilichofichwa, ilhali sina hesabu zao?

Kwa kulinganisha walichoahidi na walichoripoti. Majaribio ya tiba hutakiwa kuandikishwa kwenye daftari la wazi kabla ya kuanza. Fungua ClinicalTrials.gov, andika NCT00223080, na utaiona RV144. Kwenye ukurasa huo tafuta `Primary Outcome Measures`, uandike kando kila lengo lililotajwa. Kisha rudi kwenye makala na utafute kila moja katika majedwali. Lengo lililoandikishwa lakini halionekani popote ni la kuuliza. Lengo lililoandikishwa kuwa la ziada, si kuu, na sasa limepewa kichwa cha habari ni la kuuliza zaidi. Sehemu ya `Record History` itakuonyesha kama maelezo yalibadilishwa na lini, na mabadiliko yaliyofanywa baada ya jaribio kumalizika yanahitaji sababu iliyoandikwa. Majaribio mengi ya Afrika utayakuta pia kwenye daftari liitwalo PACTR.

Kuna ukomo hapa. Daftari likisema tu "maambukizi ya VVU" bila kueleza nani atahesabiwa, mtafiti bado ana nafasi ya kuchagua kati ya hesabu tatu kama zile, na hutamnasa kwa njia hii. Itifaki kamili, yaani mpango wa jaribio wenye maelezo yote, inapoambatanishwa na makala, ndiyo inayoziba pengo hilo.

Hii p yenyewe ni nini? Kwa nini 0.04 ishangiliwe na 0.08 ionekane imefeli?

Haistahili kuwa hivyo. P ya 0.04 inasema: kama chanjo isingefanya kazi kabisa, bado bahati ingeweza kuleta pengo la ukubwa huu au zaidi mara 4 katika majaribio 100. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 96 kuwa chanjo inafanya kazi. Mstari wa 0.05 ni desturi tu.

Soma badala yake mipaka ya uhakika ya asilimia 95, yaani viwango vya kinga vinavyopatana na takwimu, ambayo huandikwa kando ya matokeo. Kwa hesabu ya asilimia 31, mipaka ilikuwa 1.1 hadi 52.1. Kwa hesabu ya watu wote ilikuwa −4.0 hadi 47.9. Ukiziweka pamoja utaona zinasema jambo karibu lilelile: huenda kuna kinga ya kadiri, huenda hakuna karibu chochote. Sifuri imeingia kidogo upande mmoja na imeponea chupuchupu upande mwingine.

Mwenzangu anasema tusiangalie wastani. Makala nyingi huonyesha tiba ilisaidia zaidi wanawake, au vijana, au watu wa eneo fulani. Si huko ndiko kwenye ukweli?

Huko ndiko bahati inakopata nafasi nyingi za kujifanya ukweli. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa jaribio la ISIS-2, lililochapishwa katika Lancet mwaka 1988. Wagonjwa 17,187 walioshukiwa kupatwa na shambulio la moyo walishiriki, na aspirini ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa takriban asilimia 23 katika wiki tano. Ni matokeo yenye nguvu sana. Kisha watafiti, kwa makusudi ya kufundisha, wakawagawa wagonjwa kwa nyota zao za kuzaliwa. Waliozaliwa chini ya Mapacha na Mizani wakaonekana kudhurika kidogo na aspirini, vifo vikiwa juu kwa asilimia 9. Nyota zilizobaki zikaonekana kunufaika kwa asilimia 28.

Hakuna daktari atakayemnyima mgonjwa aspirini kwa sababu nyota yake ni Mizani. Lakini badilisha "nyota" uweke "umri" au "kabila", na matokeo yaleyale yangechapishwa na kuaminiwa.

Hesabu yake ni hii. Kipimo kimoja kisicho na athari yoyote kina nafasi ya asilimia 5 ya kuvuka mstari kwa bahati. Ukifanya vipimo 10 visivyotegemeana, nafasi kwamba angalau kimoja kitavuka ni asilimia 40. Vipimo 20 vinaifikisha asilimia 64. Kwa hiyo chukua kalamu, uhesabu mistari yote ya jedwali la makundi madogo. Ukikuta 20, njia rahisi na kali ni kugawanya 0.05 kwa 20, yaani kudai p iwe chini ya 0.0025 kabla ya kushtuka. Angalia pia kama waandishi wamepima tofauti kati ya kundi na kundi. Kusema "kwa wanawake p ni 0.03, kwa wanaume ni 0.20" hakuonyeshi kwamba wanawake na wanaume wametofautiana. Pengine wanaume walikuwa wachache tu. Mwisho, andika `post hoc` kwenye kisanduku cha kutafuta cha makala. Likitokea, uchambuzi huo ulibuniwa baada ya matokeo kuonekana, na ni wazo la kujaribiwa upya, si jibu.

Nimesoma pia kwamba chanjo hiyo ilikinga kwa asilimia 60 mwaka wa kwanza. Hiyo nayo?

Umegusa dhana nyingine iliyojificha. Asilimia 31 ni wastani wa kipindi chote, na inasomeka vizuri tu ukichukulia kwamba kinga ilikuwa ileile mwezi wa pili na mwezi wa arubaini. Tazama mchoro wa mistari miwili ya maambukizi. Kama kinga ni ya kudumu, mistari inaendelea kuachana hadi mwisho. Katika RV144 iliachana mapema, kisha ikaendelea karibu sambamba, dalili kwamba kinga ilififia. Lakini hiyo asilimia 60 imetokana na uchambuzi uliofanywa baadaye, kwa maambukizi machache zaidi, na inastahili tahadhari ileile ya nyota.

Basi niwaambie nini vijana?

Waambie wazo hilo lilijaribiwa upya. Jaribio la HVTN 702 lilianza Afrika Kusini mwaka 2016, likiwa na chanjo ya muundo uleule iliyorekebishwa kwa aina ya virusi iliyoenea huko, na zaidi ya watu 5,400 walishiriki. Chanjo zilisimamishwa mapema 2020, wakati hesabu ilionyesha maambukizi 129 kwa waliochanjwa na 123 kwa waliopata plasebo. Chanjo haikuwa ileile kabisa na hatari ya kuambukizwa huko ni kubwa kuliko Thailand, kwa hiyo haithibitishi kwamba RV144 ilikuwa bahati tupu. Hata hivyo, hakuna chanjo ya VVU iliyoidhinishwa popote hadi leo. Wakitaka kinga, wapeleke kliniki wakapimwe, kisha waulizie PrEP, dawa za kumkinga asiye na VVU asiambukizwe.