Msuli Unaweza Kunenepa Bila Nguvu Kuongezeka kwa Kiwango Kilekile?

Vijana wanaopiga vyuma hutuuliza swali hili mara kwa mara. Mtunisha misuli mwenye mapaja manene anaweka uzito begani, anachuchumaa, na kuinuka kunamshinda. Anakuja mnyanyua vitu vizito mwenye mapaja membamba zaidi na kuuinua uzito uleule. Watazamaji husema misuli ya yule wa kwanza "ni maji tu". Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, ila mara nyingi inatumika pasipofaa.

Tuanze na uzi mmoja wa msuli, ambao ni seli moja ndefu. Ndani yake mmejaa myofibrili, yaani vijiti vyembamba vilivyolala sambamba na kujengwa hasa kwa protini mbili, aktini na myosini. Protini hizo zinaposhikana na kuvutana, uzi hufupika, na hapo ndipo nguvu hutoka. Kwa kawaida myofibrili huchukua kama asilimia 80 ya ujazo wa uzi. Nafasi inayobaki ni ya sarkoplazimu: majimaji yenye vimeng'enya na glaikojeni, pamoja na mitokondria na vifuko vya kuhifadhi kalisi. Hivyo vyote ni vya lazima katika kuzalisha nishati na kuuamsha uzi, lakini havivuti.

Chukua uzi ambao ukikatwa kwa upana una eneo la mikromita za mraba 5,000. Myofibrili zina 4,000 kati ya hizo. Baada ya miezi ya mazoezi uzi unafikia 6,000, yaani umenenepa kwa asilimia 20. Kama uwiano umebaki uleule, myofibrili sasa zina 4,800, na nguvu ya uzi inatarajiwa kupanda kwa asilimia 20 vilevile. Kama eneo lote lililoongezeka ni sarkoplazimu, myofibrili zimebaki 4,000: uzi ni mnene zaidi, nguvu ni ileile. Na kama myofibrili zimefika 4,400, unene umepanda kwa asilimia 20 na nguvu kwa 10 tu. Hali ile ya pili ni sawa na kupanua uwanja wa kuvuta kamba: eneo linakua, wavutaji ni walewale.

Kwenye karatasi, basi, jambo hili linawezekana. Swali ni kama mwili hulifanya kweli. Utafiti uliolifuatilia kwa karibu ulifanywa katika Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2019. Walishiriki vijana 30 wa kiume, wenye uzoefu wa miaka mitano hivi kwa wastani katika mazoezi ya uzito. Kwa wiki sita walifanya kazi nyingi kwa uzito wa wastani, kama asilimia 60 ya ule ambao mtu anaweza kuuinua mara moja tu. Kila zoezi lilianza na seti 10 kwa wiki, zikapandishwa hatua kwa hatua hadi 32. Aliyewahi kufanya seti 32 za skwati ndani ya wiki moja anajua mzigo wake. Watafiti walichukua vipande vidogo vya nyama kutoka msuli wa nje wa paja kabla ya mazoezi, katikati na mwishoni.

Kisha waliwachambua kwa undani vijana 15 ambao nyuzi zao zilikuwa zimenenepa. Eneo la nyuzi lilikuwa limepanda kwa wastani wa asilimia 23, huku mkusanyiko wa aktini na myosini ukishuka kwa karibu asilimia 30. Vimeng'enya vya kuvunja sukari viliongezeka. Glaikojeni, ambayo wengi hudhani ndiyo inayojaza msuli, haikubadilika kwa kiwango cha kuonekana.

Hesabu hapa inafaa kurudiwa. Uzi ukinenepa kwa asilimia 23 bila kuongeza wala kupoteza protini za kuvuta, mkusanyiko wake utashuka kwa asilimia 19 kwa sababu tu ya kuzimuliwa. Upungufu wa 30 unazidi hapo, kana kwamba myofibrili zenyewe zilipungua kidogo. Siku nane baada ya kuacha mazoezi, vijana saba walitoa kipande kingine. Mkusanyiko ulikuwa bado chini, safari hii kwa karibu asilimia 50. Kwa maoni yangu nambari hii ya mwisho isichukuliwe kama picha ya paja zima: watu ni saba, nyama ni kidogo, na upungufu mkubwa kiasi hicho, ukienea msuli mzima, ungejionyesha kama udhaifu wa wazi. Mwelekeo ninaukubali. Ukubwa wake ninautilia shaka.

Kumbuka pia mazingira yake: muda mfupi, seti nyingi mno, watu waliokwisha kuzoea vyuma. Huenda uzi hutanguliza nafasi na vimeng'enya, kisha myofibrili zikaijaza baadaye. Matokeo hayo hayasemi kwamba mtu anayeanza mazoezi, au anayeinua uzito mkubwa kwa seti chache, atapata hali hiyohiyo. Hata vipimo vya uzi mmojammoja kutoka kwa watunisha misuli waliobobea havikubaliani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta nguvu kwa kila kipimo cha eneo ikiwa chini kuliko ya wanamichezo wa nguvu na ya watu wasiofanya mazoezi ya uzito, lakini wapo watafiti wengine ambao hawakuona upungufu huo.

Sasa turudi kwa yule aliyeshindwa kuinuka. Kabla ya kulaumu sarkoplazimu, kuna maelezo rahisi zaidi. Kuinua uzito mara moja kwa nguvu zote ni ustadi unaojifunzwa na mfumo wa fahamu. Katika jaribio moja la wiki nane lililochapishwa mwaka 2017, kundi moja lilikuwa likijipima tu kwa uzito wa juu kabisa, likiinua mara moja kwa majaribio yasiyozidi matano kila kipindi. Kundi jingine lilifanya seti nne za marudio 8 hadi 12. Misuli ilinenepa kwa kundi la pili tu, lakini uzito wa juu walioweza kuinua ulipanda kwa kiwango kinachokaribiana. Yaani tofauti kati ya unene na nguvu ilijitokeza bila kuhitaji maelezo yoyote ya majimaji ndani ya uzi. Urefu wa mifupa na pembe ambayo nyuzi hujishikiza nayo kwenye kano huongeza tofauti nyingine kati ya mtu na mtu.

Tena kuna uvimbe. Katika wiki za mwanzo, au siku mbili tatu baada ya zoezi geni, sehemu ya unene unaoonekana ni maji yaliyoingia kwa sababu nyuzi zimeumia kidogo. Utepe wa fundi cherehani hauwezi kuyatenganisha na ukuaji halisi.

Kwa hiyo anayetaka kujua hali yake apime paja asubuhi, baada ya siku tatu au nne bila kulifanyisha mazoezi, mahali palepale kila mara. Nguvu aipime kwa zoezi ambalo amelizoea, baada ya wiki tatu hivi za kuinua uzito mkubwa kwa marudio machache. Mara nyingi anayekuja na malalamiko ya misuli ya maji hufanya marudio 15 mwaka mzima, na uzito alioshindwa kuinua hajawahi kuufanyia mazoezi. Akipewa wiki hizo, kilo kwenye chuma hupanda na paja libaki lilivyokuwa. Ikiwa hata baada ya hapo nguvu haisogei huku unene ukiendelea, sarkoplazimu inaweza kushukiwa, ingawa kuthibitisha kunahitaji sindano ya kuchukua nyama na maabara, jambo ambalo hatulipendekezi kwa mtu anayetaka tu kujua kwa nini skwati imemshinda.