Kwa nini mtungi wa kompresa hupasuka kwa marefu

Kaanga soseji uone. Ngozi ikishindwa, hupasuka mstari mmoja kutoka ncha hadi ncha. Ni nadra sana kukatika katikati kama muwa. Mtungi wa kompresa wa gereji hufuata hesabu ile ile, na mwaka huu nimelazimika kuieleza kwa mzee mmoja mwenye gereji ambaye hakutaka kabisa kuachana na mtungi wake.

Ulikuwa mtungi wa kulala, kipenyo milimita 400, ukuta wa chuma laini milimita 3, ukijazwa hadi baa 10. Baa 10 ni nyutani 1 kwa kila milimita mraba. Namba nyepesi, tuitumie.

Fikiria tumeupasua kwa marefu, nusu ya juu na nusu ya chini, kisha tuchukue kipande cha urefu wa mita moja. Upepo uliomo unasukuma nusu hizo ziachane kwa nguvu ya 400 mara 1,000, yaani nyutani 400,000, sawa na uzito wa takribani tani 40. Kinachozishikilia ni kingo mbili tu za chuma, moja kila upande, zenye unene wa milimita 3 na urefu wa mita moja. Jumla ni milimita mraba 6,000. Gawanya: kila milimita mraba inabeba nyutani 67 hivi. Huo ndio mkazo wa mzingo, unaovuta chuma kuuzunguka mtungi.

Sasa ukate kwa mapana, kama unavyokata mkate. Upepo unasukuma vifuniko vya mwisho. Eneo la duara lenye kipenyo cha milimita 400 ni milimita mraba 125,700, kwa hiyo nguvu ni nyutani 125,700. Lakini safari hii chuma kinachoshikilia ni pete nzima, mzingo wake wote mara milimita 3, karibu milimita mraba 3,770. Mkazo wa marefu unatoka nyutani 33 tu, nusu kamili ya ule wa kwanza.

Kwa kifupi:

```
mkazo wa mzingo = p × D / (2 × t)
mkazo wa marefu = p × D / (4 × t)
```

`p` ni presha, `D` ni kipenyo, `t` ni unene. Hesabu hii inakubalika ukuta ukiwa mwembamba, tuseme unene usiozidi sehemu moja ya ishirini ya kipenyo. Pia inahusu sehemu iliyo mbali na vifuniko, kwa sababu pale kifuniko kinapoungana na mwili wa mtungi chuma hupinda, na mikazo mingine huingia.

Ufa uliolala kwa marefu hufunguliwa na mkazo wa mzingo, ule mkubwa. Ufa wa kuzunguka hufunguliwa na ule mdogo. Ndiyo maana mshono wa weldi unaokwenda kwa marefu naukagua kwa ukali kuliko ule wa kuzunguka. Huko Brockton, Massachusetts, mwaka 1905, boila ya kiwanda cha viatu ililipuka na watu 58 wakafa. Ufa ulikuwa umejificha kwenye mshono wa marefu, ambapo mabati yalipandana na kupigwa ribiti.

Chuma cha kawaida huanza kuvutika bila kurudi hali yake kwenye nyutani 250 hivi kwa milimita mraba, kwa hiyo 67 si kitu. Adui wa mzee yule alikuwa maji. Upepo ukipoa ndani huacha maji, maji hukaa chini, na koki ya kuyatolea ilikuwa haijafunguliwa miaka. Nilipopima unene kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, juu nilipata milimita 3 zile zile. Chini kulikuwa na utepe wa kutu, kutoka kifuniko hadi kifuniko, uliobakiza 1.1.

Hapo ndipo mzee aliposema, “Injinia, sehemu kubwa bado nzima.” Kweli, na kwa mkazo wa marefu hoja yake inasimama: pete nzima inashirikiana, utepe ukilegea sehemu nene zinaubebea. Kwa mkazo wa mzingo hakuna wa kuusaidia. Mvuto uleule unapita juu, ubavuni na chini, kama mnyororo, na kila pingili hubeba mzigo wote. Utepe ulikuwa unabeba nyutani 182. Valvu ya usalama ikikwama na presha ifike baa 14, inakuwa 255.

“Lakini haujawahi kuvuja, tutaweka kiraka.”

Shimo moja la kutu huvuja na kupiga mluzi, kwa kuwa chuma kinene kinalizunguka. Utepe mrefu hauna sababu ya kuvuja kwanza. Unafunguka wote kwa mpigo. Na kiraka kingechomelewa pembeni mwa chuma ambacho nacho kimeliwa.

Aliukata mwenyewe wiki iliyofuata, kwa marefu, akatengeneza majiko mawili ya kuchomea nyama. La nusu ya chini lilitoboka mapema.