Amelipa pungufu, je, bado tunamdai?

“Ankara ni 100,000, benki zimeingia 91,500. Si bado tunamdai 8,500?”

Huenda sehemu tu ya hizo. Usimpigie mteja kabla ya kusoma taarifa ya malipo, ile hati anayotuma kuonyesha fedha zimelipia nini. Wengi hutazama jumla ya chini na kuifunga. Majibu yako kwenye mistari ya juu yake.

Kwanza linganisha jumla ya hati na kilichoingia benki. Tuseme hati inasema 92,000. Basi 500 hazikukatwa na mteja, zimebaki njiani kama ada ya benki. Mteja hawezi kukueleza makato asiyoyajua.

Zilizobaki ni 8,000, na hati ina mistari miwili yenye alama ya kutoa. Wa kwanza ni 6,000, ukiwa na namba ya ankara nyingine, ya mwezi uliopita. Hapo ndipo watu hupotea, kwa kuwa wanatafuta kosa kwenye ankara ya sasa. Fukua hati ya kupokelea mzigo wa ankara ile ya zamani: ikiwa mpokeaji aliandika katoni 3 zimeharibika, na thamani yake inafika 6,000, mteja yuko sahihi, mwandikie hati ya punguzo.

Wa pili ni 2,000, punguzo la asilimia 2 la kulipa mapema. Masharti yalikuwa siku 10, yeye amelipa siku ya 24. Hizo ndizo za kudai.