In, on na at si ndani, juu na kwenye

Nimesikia tena wiki hii mwanafunzi akikaririshwa kwamba in ni ndani, on ni juu, at ni kwenye. Ubaoni palikuwa na ile pembetatu iliyopinduliwa: in juu kwenye upana kwa vitu vikubwa, on katikati, at kwenye ncha kwa vidogo. Dakika tano baadaye mwanafunzi huyo aliandika in Monday morning, akakosolewa bila kuelezwa kosa limetoka wapi.

Maana yenyewe ni fupi. In, on na at ni vihusishi vya Kiingereza vinavyofunga tukio na wakati au mahali pake. Kazi ngumu ni kujua kipi kinakwenda na neno gani.

Kiswahili hakikutuandaa kwa hilo. Kwa wakati hatuhitaji kihusishi: nitakuja Jumatatu, nitakuja saa tatu, nilizaliwa Mei. Kwa mahali tuna kiambishi kimoja, -ni, na tofauti zetu tunazipeleka kwenye upatanisho: pana kwa mahali mahususi, kuna kwa mahali pa jumla, mna kwa ndani. Mlangoni pana mtu, sandukuni mna nguo. Utatu huu unavutia, na wengi hudhani ndio in, on na at kwa sura nyingine. Mna inakaribia in, na pana mara nyingi hukutana na at, lakini on haina mwenzake kati ya hizo tatu. Chukua neno mezani. Kitabu kiko mezani ni on the table. Mama yuko mezani anakula ni at the table. Ukisema mama yuko on the table, umempandisha juu ya meza. Neno letu ni lilelile. Kilichobadilika ni uhusiano wa mtu au kitu na meza, na Kiingereza kinautaja pale ambapo sisi tunauachia muktadha.

Sasa juu. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100 hivi, on ilifanya kazi kubwa ambayo leo inafanywa na in. Mabaki yake yapo mpaka sasa: alive, yaani hai, ilianza kama on na neno la uhai, na asleep ilianza kama on na neno la usingizi, kisha on ikamomonyoka ikabaki a. Hakuna aliyekuwa juu ya uhai wala juu ya usingizi. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini Jumatatu inachukua on ilhali hatukai juu ya siku, anaidai on maana ya juu ambayo haikuwa maana yake pekee hata zamani.

Pembetatu nayo inavunjika haraka. Asubuhi ni sehemu ya siku, ndogo kuliko Jumatatu, lakini ni in the morning na on Monday. Usiku unaweza kuwa mrefu kuliko asubuhi, lakini ni at night. Ukubwa hauamui, neno linalofuata ndilo linaloamua, na linakuja na kihusishi chake kama kifurushi.

Turudi kwa mwanafunzi. Alijua in the morning, naye hakukosea hapo. Kisha akaingiza Monday katikati na kuiacha in mahali pake. Mtindo wa Kiingereza ni kwamba siku ikishatajwa, siku ndiyo inatawala: on Monday morning, on Friday night, on the morning of 5 May. Hata usiku unaacha at yake. Na ukitanguliza next, last, this au every, kwa kawaida kihusishi kinaondoka kabisa: next Monday, this morning. Hapo Kiingereza kinafanana na chetu, na ndipo wengi wanapoongeza on isiyohitajika.

Kwa hiyo daftari lisiwe na kurasa tatu za in, on na at. Andika kwa nomino. Chini ya night weka at night, on Friday night, na in the night, ambayo hutumika zaidi kwa jambo lililotokea usiku fulani, kama kuamshwa na kelele. Chini ya corner weka in the corner kwa kona ya chumba, unapoitazama kutoka ndani, na on the corner au at the corner kwa kona ya barabara. Ukijikuta unajiuliza ni ndani au juu, umeshahamia kwenye tafsiri. Rudi utafute kifurushi.

Na kwa yule mwanafunzi: in yako ilikuwa sahihi mpaka Monday ilipoingia. Andika on Monday morning.