Andika Σ kwanza: viwanda viwili, unga wa aina mbili

Miaka ya nyuma nilipewa kazi ya kupanga uzalishaji wa wiki kwa kampuni ya unga yenye viwanda viwili, kimoja Dar es Salaam na kingine Mwanza. Nilifungua kompyuta nikaanza kuandika kodi ya programu moja kwa moja, bila kugusa karatasi. Jibu lilitoka haraka na gharama ilipendeza. Nikachapisha mpango, nikampelekea mama aliyekuwa akisimamia mitambo ya Dar. Aliusoma akiwa amesimama, akapiga hesabu pembeni kwa kalamu, kisha akaniambia: "Mwanangu, umenipa kazi ya saa 114. Mtambo wangu una saa 100 kwa wiki. Hizo 14 nitazitoa wapi?"

Kompyuta haikuwa imetoa onyo lolote. Ilikuwa imejibu sawasawa swali nililoliuliza, ila swali lenyewe sikuwa nimeliandika popote ambapo jicho langu lingeweza kulikagua. Nitaueleza mfano ule hapa, kwa takwimu nilizozirahisisha ili uweze kuzifuata kwa kikokotoo cha simu.

Kuna seti tatu. V ni viwanda: Dar na Mwanza. B ni bidhaa: sembe na dona. G ni maghala yanayopokea mzigo: Dodoma, Tabora na Arusha. Fahirisi ni herufi ndogo inayosimama badala ya mwanachama yeyote wa seti, kwa hiyo v ni kiwanda fulani, b ni bidhaa fulani, g ni ghala fulani. Herufi nazichukua kwenye Kiswahili makusudi. Ukiita viwanda I na bidhaa J kama vitabu vingi vinavyofanya, ukifika sharti la tano utakuwa umesahau ipi ni ipi.

Baada ya seti zinakuja data, na kila moja naiandika pamoja na fahirisi zake na kipimo chake. M[b,g] ni mahitaji, tani kwa wiki. s[v,b] ni saa za mtambo kwa tani moja. S[v] ni saa ambazo kiwanda kinazo kwa wiki. k[v,b] ni gharama ya kusaga tani moja, na n[v,g] ni nauli ya tani moja, zote kwa maelfu ya shilingi. Angalia kwamba nauli haina b. Maana yake nimekubali kwamba tani ya sembe na tani ya dona zinalipiwa sawa kwenye lori. Kama si kweli kwako, hapa ndipo pa kulisema, kwa kuongeza herufi moja tu.

Takwimu zenyewe ni hizi. Dodoma inahitaji sembe tani 100 na dona 40, Tabora 60 na 60, Arusha 80 na 20. Dar ina saa 100 na Mwanza 110. Kwa tani moja, Dar hutumia saa 0.5 kwa sembe na 0.4 kwa dona, Mwanza 0.8 na 0.5, kwa sababu mtambo wake wa kukoboa ni mdogo. Kusaga Dar ni 40 kwa sembe na 30 kwa dona, Mwanza 45 na 34. Nauli kutoka Dar ni 60 hadi Dodoma, 110 hadi Tabora na 85 hadi Arusha. Kutoka Mwanza ni 90, 55 na 95.

Uamuzi ni mmoja: x[v,b,g], yaani tani za bidhaa b zinazosagwa kiwanda v na kupelekwa ghala g. Viwanda 2 mara bidhaa 2 mara maghala 3 ni vigeu 12. Sasa modeli nzima inaingia kwenye mistari minne:

```
punguza   Σ_v Σ_b Σ_g (k[v,b] + n[v,g]) · x[v,b,g]

mahitaji: Σ_v x[v,b,g] ≥ M[b,g]              kwa kila b, g
saa:      Σ_b Σ_g s[v,b] · x[v,b,g] ≤ S[v]   kwa kila v
          x[v,b,g] ≥ 0                       kwa kila v, b, g
```

Mstari wa saa ndio ulioniponza, basi tuusome taratibu. Ndani yake kuna x yenye fahirisi tatu. Mbili kati yake, b na g, zimeshikwa na Σ: tunajumlisha bidhaa zote na maghala yote. Moja, v, imeshikwa na maneno "kwa kila" upande wa kulia. Hiyo ndiyo kanuni ninayoikagulia kila sharti: kila fahirisi ishikwe mara moja, ama na Σ ama na "kwa kila". Isiyoshikwa na yeyote haina maana. Iliyoshikwa na wote wawili ni kosa hata kama kompyuta inakubali. Kisha unatazama upande wa pili wa alama ya ≤. S ina v peke yake, na "kwa kila" ina v peke yake, kwa hiyo vinakubaliana. Vipimo navyo vinakubaliana: saa kwa tani, mara tani, ni saa.

Mimi nilikuwa nimeandika kitu hiki bila kujua:

```
Σ_g s[v,b] · x[v,b,g] ≤ S[v]   kwa kila v, b
```

Fahirisi zote zimeshikwa mara moja, kwa hiyo kanuni ya kwanza haikunasa kosa. Lakini tazama: "kwa kila" ina v na b, ilhali S ina v tu. Nilikuwa nimempa kila bidhaa mtambo wake mzima: saa 100 za Dar kwa sembe, na saa 100 zilezile tena kwa dona. Upande wa kulia ukikosa herufi iliyopo kwenye "kwa kila", simama ujiulize kama rasilimali hiyo kweli inajirudia. Wakati mwingine inajirudia, kwa mfano kila bidhaa ikiwa na laini yake. Hapa mtambo ulikuwa mmoja.

Kwa sharti hilo bovu, kompyuta ilipeleka mzigo wote wa Dodoma na Arusha kutoka Dar, na wa Tabora kutoka Mwanza. Sembe ya Dar tani 180 ni saa 90, dona tani 60 ni saa 24. Kila moja iko chini ya 100, lakini jumla ni 114. Gharama ilikuwa shilingi milioni 37.24. Ukirekebisha sharti, tani 28 za sembe ya Arusha zinahamia Mwanza, Dar inabaki na saa 100 kamili, Mwanza inafika 100.4, na gharama inapanda hadi milioni 37.66. Tofauti ni 420,000 tu. Kwa kutazama gharama usingegundua chochote, na modeli bovu ndiyo ingeonekana nzuri zaidi.

Kosa hili linaonekana mapema ukihesabu mistari kabla ya kuandika kodi. "Kwa kila v" ni mistari 2. "Kwa kila b, g" ni 2 mara 3, yaani 6. Jumla ni masharti 8, ukiacha yale ya kutokuwa hasi. Andika 8 pembeni ya karatasi. Programu nyingi za kutafuta jibu huonyesha idadi ya masharti mwanzoni mwa ripoti. Yangu ingeonyesha 10, kwa kuwa "kwa kila v, b" ni 4. Kuhesabu huko ni kazi ya dakika moja, na tangu siku ile siiruki.

Kuna kosa jingine ambalo kuhesabu hakulinasi, na hili nimeliona kwa vijana wengi wanaoandika kwa Python:

```python
for b in B:
    for g in G:
        m += lpSum(x[v,b,g] for v in V for b in B) >= M[b,g]
```

Fahirisi b imeshikwa mara mbili: na kitanzi cha nje, na jumla ya ndani. Python halalamiki, kwa sababu b ya ndani ni nyingine inayoifunika ile ya nje mpaka mabano yafungwe. Upande wa kushoto unajumlisha sembe na dona pamoja, upande wa kulia unadai mahitaji ya bidhaa moja. Masharti bado ni 6, kama karatasi inavyosema. Lakini sasa Dodoma inaridhika na tani 100 za unga wowote, Tabora 60, Arusha 80. Dona ni rahisi kusaga kuliko sembe kila kiwanda, kwa hiyo jibu ni tani 240 za dona na sembe sifuri nchi nzima. GAMS, lugha ya kuandikia modeli iliyoanzia Benki ya Dunia miaka ya 1970, imejengwa juu ya mtindo huu wa seti na fahirisi, na kosa kama hili huligomea: hutoa namba 125 na maneno `Set is under control already`. Kwa Python mlinzi ni wewe na karatasi yako. Mstari wa mahitaji uliouandika kwa mkono una Σ moja tu, ya v. Ukiona kwenye kodi kuna `for` mbili ndani ya mabano, umeshalipata.

Karatasi pia inakusaidia kusoma jibu. Modeli sahihi inatoa bei kivuli ya 30 kwa sharti la saa la Dar. Kwa kuwa kila upande wa sharti ni saa na lengo ni maelfu ya shilingi, unajua hapo hapo kwamba saa moja zaidi Dar inaokoa shilingi 30,000. Unaweza kuihakiki: saa moja inasaga tani 2 za sembe, na kila tani ya Arusha ikirudi kutoka Mwanza inapunguza 10 za nauli na 5 za kusaga. Basi ovataimu inayogharimu chini ya 30,000 kwa saa, juu ya gharama ya kawaida ya kusaga, inalipa. Inalipa kwa saa 14 za kwanza pekee, kwa sababu baada ya hapo Dar haina tena mzigo wa kurudisha.

Yule mama alipopata mpango mpya aliuliza swali moja: je, sembe ya ziada inaweza kusagwa wiki iliyotangulia ikahifadhiwa? Hapo modeli inahitaji seti ya nne, W ya wiki. Herufi w inaingia kwenye x, kwenye M na kwenye S, na kinazaliwa kigeu kipya a[v,b,w], akiba ya mwisho wa wiki:

```
a[v,b,w] = a[v,b,w-1] + p[v,b,w] − Σ_g x[v,b,g,w]   kwa kila v, b, w
```

Hapa p ni tani zilizosagwa na x ni zilizosafirishwa. Siku ya kusaga na siku ya kupakia sasa zimetengana, kwa hiyo sharti la saa linahamia kwenye p, na Σ_g inatoweka kutoka humo. Halafu soma mstari huo ukiwa wiki ya kwanza: w-1 ni wiki ya sifuri, ambayo haimo kwenye W. Programu nyingine zitagoma, nyingine zitachukulia kimyakimya kwamba ghala lilikuwa tupu. Mimi niliandika A[v,b] kwenye orodha ya data, tani zilizopo ghalani Jumatatu asubuhi, nikampigia simu mtunza stoo kabla sijafungua kompyuta.