Papsmia safi, HPV pozitivu: hapana, maabara haijakosea

Wiki hii nimeulizwa mara nne. Ya nne ilikuja kwa WhatsApp saa nne usiku, picha mbili za majibu zimewekwa pamoja, papsmia safi na HPV pozitivu, halafu chini "dokta hii moja imekosewa si ndiyo?" Sasa naandika hapa ili kuanzia kesho nikiulizwa natuma linki tu nalala.

Haijakosewa. Hayo majibu mawili hayapingani hata kidogo. Shida ni kwamba watu wanaona vipimo vyote vinachukuliwa sehemu moja, unapanda kitanda kilekile, spekulam ileile, brashi inaingia mlango wa kizazi, basi wanadhani vinatafuta kitu kimoja. Wewe fikiria stoo ya mahindi. Panya ni HPV, kirusi kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, na magunia ni seli zako. Kipimo cha HPV kinatafuta mavi ya panya. Papsmia inakagua magunia yametoboka au bado. Ukikuta mavi ya panya na magunia yote mazima hausemi mojawapo ni uongo, unasema panya yumo ila hajaanza kutafuna, au ameanza kwenye gunia ambalo sijalifikia. Hilo la pili ndilo watu hawapendi kulisikia. Papsmia moja inakosa mengi, hata mabadiliko makubwa inaweza kuyakosa karibu nusu, maana anayesoma kioo anaona zile seli tu ambazo brashi imezibeba, na ziwe zimepakwa vizuri, na yeye asiwe amechoka. Kwa hiyo safi ya papsmia ni safi yenye nyota pembeni.

Sasa kisa chenyewe kilichonichosha. Dada mmoja wa miaka 38, hana VVU, watoto wawili, alikuja na bahasha ina majibu ya HPV matatu kutoka maabara tatu ndani ya miezi minne. La kwanza pozitivu, akaambiwa papsmia iko safi basi HPV itakuwa imekosewa, akarudia baada ya wiki sita sehemu nyingine ikatoka negativu, akashukuru Mungu, halafu shoga yake akamwambia thibitisha na ya tatu, ikatoka pozitivu. Katikati hapo amemeza antibayotiki kozi mbili na kuna mtu kamuuzia vidonge vya kuweka ukeni vya "kusafisha kirusi". Hela yote hiyo ingelipa kolposkopi, yaani kuangaliwa mlango wa kizazi kwa darubini maalumu, na chenji ikabaki.

Kwanza nimalize la dawa haraka: hakuna dawa ya kuua HPV. Antibayotiki inaua bakteria. Chanjo inazuia usipate aina mpya, haifukuzi uliyonayo. Vidonge vya kusafisha tupa. Anayeondoa kirusi ni kinga yako mwenyewe, na kwa wengi inaondoa ndani ya mwaka mmoja hadi miwili bila wewe kuhisi kitu chochote.

Sasa kwa nini pozitivu, negativu, pozitivu? Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Kipimo hakihesabu kirusi kama unavyohesabu mbuzi. Mashine inazidisha vinasaba mzunguko baada ya mzunguko, kirusi wakiwa wengi inawaona mapema, wakiwa wachache inawaona kwenye dakika za majeruhi, na kila mtengenezaji ameweka filimbi ya mwisho pake. Mwenye virusi vichache anaweza leo kuwa juu ya mstari, baada ya wiki sita chini yake, akarudi juu, wakati ndani ya mwili hakuna kilichobadilika zaidi ya brashi kubeba seli chache au maabara kutumia kipimo cha kampuni nyingine. Ile negativu ya katikati haikuwa habari njema na pozitivu ya tatu haikuwa habari mbaya. Vyote vitatu vilikuwa jibu moja limerudiwa kwa bei mara tatu.

Tunachotaka kujua sisi siyo kama kirusi yupo. Tunataka kujua kama ANAKAA. Anayeleta saratani ni yule aliyeng'ang'ania miaka, na kwa mwanamke mwenye kinga nzuri safari ya kutoka maambukizi hadi saratani kwa kawaida ni miaka 15 hadi 20. Kwenye kinga dhaifu, mfano VVU isiyotibiwa, inaweza kuwa 5 hadi 10. Sasa kukaa unakupimaje kwa wiki sita? Hakupimiki. Ndiyo maana tunasema rudi baada ya miezi 12, siyo uvivu wala siyo kwamba hatujali, mwaka ni muda wa kutosha kinga ifanye kazi yake na ni mfupi wa kutosha kwamba panya hajamaliza gunia.

Na ukirudi unarudia kipimo cha HPV. Siyo papsmia peke yake, nawaona wengi wanarudia smia tu eti ndiyo iliyokuwa safi, jamani hiyo ndiyo iliyo na macho hafifu kuliko mwenzake.

Lakini kabla ya kumwambia yeyote asubiri mwaka nasoma karatasi. Nasoma kweli, siishii kwenye neno pozitivu lililopigwa mstari mwekundu. Yule dada karatasi yake ya kwanza ilitoka kwenye mashine ya GeneXpert na ilikuwa imeandikwa hivi:

```
HPV 16 NEG
HPV 18_45 NEG
OTHER HR HPV POS
```

Mashine hii inasoma 18 na 45 kwa pamoja, na mstari wa chini ni aina nyingine za hatari. Hayo mawili ya juu ndiyo yanaamua. Aina ya 16 na 18 kwa pamoja ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, kwa hiyo ukiwa pozitivu ya 16 au 18 mimi sijali papsmia yako imesema nini, unaenda kolposkopi sasa hivi, siyo mwakani. Hasa 18, mwizi huyo anapenda kujificha juu ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi ambako brashi haifiki vizuri, na hata tukipaka siki ya kufanya sehemu mbaya iwe nyeupe hatuoni. Ukipata karatasi imeandikwa "HPV pozitivu" tu bila aina, rudi uulize mashine ilisoma nini, mara nyingi imo kwenye kompyuta yao ila hakuna aliyeichapa.

Kwenye smia naangalia kama msomaji ameona seli za eneo la mpito, pale ngozi ya nje inapokutana na ya ndani, maana karibu kila kitu kibaya kinaanzia hapo. Kwa mama wa miaka 50 na kitu eneo hilo limeshapanda ndani, smia yake inatoka safi kirahisi sana na huwa siiamini sana. Nauliza VVU. Nauliza kama anatoka damu baada ya tendo au ameshakoma hedhi na damu imerudi, mwenye hilo hasubiri chochote, aangaliwe leo, vipimo vya uchunguzi ni vya mtu asiye na dalili.

Dada yetu: siyo 16, siyo 18, smia ina seli za eneo la mpito, hana VVU, hana dalili. Nikamwandikia miezi 12.

Sasa niwe mkweli, hapa kwenye 12 vitabu vinajifanya vina uhakika kuliko mimi. Wamarekani wanasema 12, ukirudia pozitivu kolposkopi. Waingereza wanasema 12, kisha tena 12, ya tatu ndiyo kolposkopi. WHO kwenye mwongozo wa 2021 wanasema ukishapimwa kipimo cha pili cha kuchuja kikawa safi rudi baada ya miezi 24, au 12 kama una VVU. Mwili ni uleule, kirusi kilekile, wamepishana kwa sababu kila mmoja anapima uwezo wa watu wake na hofu zake. Mimi nachagua 12 na sababu kubwa siyo ya kisayansi, mtu nikimwambia miaka miwili atakuwa amebadilisha namba ya simu.

Na kuna lingine linaninyima raha. Lile fungu la "OTHER" ni kapu, ndani yake kuna aina nyingi na mojawapo ni ya 35. Kwenye saratani za wanawake wa Afrika 35 inaonekana zaidi kuliko kwenye za Ulaya, halafu kanuni ya "nyingine zote zisubiri" imetungwa na watu ambao 35 kwao ni mgeni wa nadra. Sijui nimfanye nini huyo mwenye kapu. Namsubirisha kama wengine, ila namfuatilia kwa simu mwenyewe. Na kwa kuwa ni kapu, akirudi pozitivu mwakani siwezi hata kuapa kuwa ni aina ileile imekaa au moja imetoka nyingine imeingia.

Ah, na mume. Kila mara mume. Huyu dada alikuwa ameshahamia kwa dada yake wiki mbili. Kirusi hiki kinaweza kulala miaka mingi bila kuonekana na kipimo, kisha kikaamka, kwa hiyo pozitivu ya leo inaweza kuwa ya mwaka 2009 kabla hamjajuana, yako au yake. Hakuna kipimo cha kumpima yeye kikatuambia la maana. Ndoa zina mambo yake ya kutosha, karatasi hii haithibitishi usaliti, msiitumie kama ushahidi.

Utakutana pia na kituo kinachosema wewe ni pozitivu tuchome mlango wa kizazi leoleo kwa joto, na siwacheki, mahali ambapo mtu ametembea nusu siku na hatarudi huo ni mpango unaokubalika kwa asiye na VVU. Lakini anayekushauri kutoa kizazi kwa majibu haya, vaa viatu uondoke.

Dada alirudi, mwezi wa 13. OTHER pozitivu tena, smia safi tena. Hapo nikamfanyia kolposkopi, nikapaka siki, pakatokea kadoa keupe kembamba, nikachukua biopsi, kipande kidogo cha kupeleka maabara. Jibu: CIN 1, yaani alama za kirusi, bado hakuna kilichotafunwa cha maana. Sikuchoma. CIN 1 nyingi zinapotea zenyewe, nimempa mwaka mwingine. Akakunja karatasi akaniuliza, "kwa hiyo dokta papsmia ndiyo iliyokuwa inadanganya muda wote?"

Nikavuta kiti nikaanza upya na panya.